Kabla Taarifa Haijaondoka Karatu

Saa nane na nusu mchana simu yangu ililia. Kikundi kimoja cha wakulima wa vitunguu kutoka Mang'ola kilikuwa kimekarabati mfereji wa umwagiliaji, Jumamosi ungezinduliwa, na katibu wao alikuwa ameandika taarifa ya kuvialika vyombo vya habari vya Arusha. Ukurasa mmoja na nusu. Chini yake ameandika: “Mwalimu, tupitishie macho haraka, tunaituma saa kumi.”

Huko kupitisha macho ndiko kunakoharibu taarifa nyingi. Macho yakikimbia juu ya maandishi husoma maana, hayasomi herufi. Ukikuta jina la mwenyekiti limepungua herufi moja, kichwa chako kinaijaza chenyewe na unaendelea na safari, hasa kama mwenyekiti huyo unamfahamu. Kwa hiyo taarifa siipitii mara moja. Naipitia mara nne, na kila mara natafuta kitu kimoja tu: kwanza majina, halafu vyeo, halafu maneno yaliyonukuliwa, mwisho mstari wa mawasiliano. Ukurasa mmoja na nusu hunichukua kama dakika arobaini, na nusu ya muda huo naumaliza kwenye simu. Nitaeleza nilivyoshughulika na hii ya Mang'ola, kwa sababu ilikuwa na makosa ya aina zote nne. Jina la mwenyekiti nimelibadilisha. Tumwite mzee Tluway, jina ambalo ukiita sokoni Karatu watageuka watu kadhaa.

Mzunguko wa kwanza si wa kusahihisha, ni wa kuorodhesha tu. Nachukua karatasi tupu na kuandika kila jina la mtu, la mahali na la taasisi, kama lilivyoandikwa, kila linapotokea, hata likijirudia mara sita. Naanzia mstari wa mwisho nikipanda kwenda juu. Ukisoma kutoka chini habari haikuvuti, kwa kuwa haina mwanzo wala mwendelezo. Yanabaki maneno matupu, na neno tupu linaonekana lilivyo.

Orodha ya Mang'ola ilinionyesha mambo katika dakika tano. Mwenyekiti alikuwa na majina matatu: Tlway katika aya ya kwanza, Tluway katika ya tatu, na Tluwai kwenye sahihi. Mahali pa uzinduzi palikuwa Mangola katika kichwa cha habari, Mang'ola mara tatu katikati, na Mang ola, yenye nafasi badala ya alama, mara moja. Endamarariek, walikotoka vibarua wa kuchimba, ilikuwa imepungua silabi na kuwa Endamariek. Hakuna hata moja nililokuwa nimeliona nilipoisoma taarifa mara ya kwanza, nikiwa nimesimama dukani.

Eneo letu lina sababu zake za kuwatesa waandishi. Kiiraqw kina sauti ambazo alfabeti ya Kiswahili haikuziandalia nafasi. Kuna q inayotoka kooni, kuna x, kuna sl na tl ambazo hewa yake hupita pembeni mwa ulimi. Karani wa kwanza aliyemwandikisha babu wa mtu shuleni au kanisani aliandika alichosikia, na mara nyingi karani huyo hakuwa Mwiraqw. Ndiyo maana unaweza kukuta ndugu wa baba mmoja, huyu anaandika kwa w mwishoni na yule kwa y, na wote wana vyeti. Hapo hakuna herufi sahihi nje ya zile anazotumia mwenyewe. Usimsahihishe mtu jina lake kwa kanuni za lugha, hata kama kanuni unazijua kuliko yeye.

Umaarufu nao haumkingi mtu. Dk. Slaa alikuwa mbunge wa Karatu tangu 1995 hadi 2010, akagombea urais mwaka huo wa 2010, gazeti gani halijamwandika? Lakini pekua magazeti ya zamani uone jina lake la kwanza: Willibrod, Wilbrod, Wilbroad. Jina fupi la ukoo liliwasalimisha, jina refu likawaangusha. Aliyekalia kiti hicho baadaye, Willy Qambalo, mbunge kati ya 2015 na 2020, ana q ambayo mtu wa mbali anaona kama kosa la mpiga chapa na kuweka k kwa nia njema kabisa.

Ukipanda kuvuka lango la Lodoare kuingia Ngorongoro, tatizo linabadilika sura. Kwa Wamasai ni ole. Hayati William Tate Olenasha, mbunge wa Ngorongoro tangu 2015 hadi alipofariki Septemba 2021, utamkuta kama Olenasha, Ole Nasha na ole Nasha, wakati mwingine katika ukurasa mmoja. Aliyechukua nafasi yake, Emmanuel Shangai, kuna wanaomwandika Oleshangai. Nafasi moja kati ya ole na jina inaonekana kitu kidogo, lakini anayetafuta habari zake kwenye mtandao akiandika neno moja anaweza asipate zile zilizoandikwa kwa maneno mawili, na katika orodha ya kialfabeti mtu huyohuyo anahama kutoka N kwenda O. Muulize mwenyewe au ofisi yake: ni neno moja au mawili, na hiyo ole inaanza kwa herufi kubwa? Ukishapata jibu, liandike hivyo tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho.

Halafu ipo ritifaa, kile kialama juu ya ng'. Mang'ola bila ritifaa si kosa la urembo, ni sauti nyingine: mtangazaji wa Dodoma atatamka ng ya ngoma. Lakini hata ukiiweka, kompyuta ina namna tatu za kuiandika: iliyonyooka ('), iliyopinda kwa kufunga (’) na iliyopinda kwa kufungua (‘). Maandishi yaliyonakiliwa kutoka WhatsApp huja na ile iliyonyooka, yaliyoandikwa moja kwa moja kwenye Word huja na iliyopinda, na mtu akiacha nafasi kisha akaifuta, Word huweka ile ya kufungua, iliyogeuka upande. Macho hayatofautishi, ila baadhi ya programu huona ni maneno matatu tofauti, na ukiziambia zibadilishe Mang'ola yote zinabadilisha nusu. Dawa ni kuchagua umbo moja na kulitafuta kila moja kati ya mengine mawili kivyake. Simu inayojitia kukisia maneno nayo iwekee ulinzi. Niliwahi kupokea rasimu ambamo Kata ya Qurus ilikuwa imegeuzwa Kata ya Virus, na mwandishi alikuwa ameshaisoma mara mbili.

Majina ya mahali siyaulizi kwa mwenyekiti, nayatafuta katika nyaraka: orodha ya kata na vijiji iliyotumika katika Sensa ya 2022, au kumbukumbu za halmashauri. Hata hivyo yapo majina ambayo nyaraka zenyewe hazipatani. Mfano mkubwa uko kwenye korongo lile maarufu. Neno la Kimasai ni Oldupai, yaani mkonge wa porini unaoota pale. Mjerumani Wilhelm Kattwinkel alipofika mwaka 1911 alilisikia vibaya, likaandikwa Olduvai, na hilo ndilo jina ambalo vitabu vya sayansi vililieneza, hasa baada ya Mary Leakey kuokota fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959. Leo Tanzania inasema Oldupai. Mimi katika taarifa ya Kiswahili naandika Oldupai, na kama kuna jina la kitabu au la mradi lenye Olduvai naliacha lilivyo, kwa sababu hilo ni jina la kitu kingine. Kinachoniudhi ni taarifa yenye Oldupai aya ya pili na Olduvai aya ya tano bila neno lolote la kumweleza msomaji kwamba ni palepale.

Na jina Ngorongoro lenyewe lina mtego mbaya zaidi, maana hakuna anayekosea herufi zake. Kuna Wilaya ya Ngorongoro, ambayo makao yake yako upande wa Loliondo. Ndani ya wilaya kuna Tarafa ya Ngorongoro, na tarafa nyingine ni Loliondo na Sale. Kuna Kata ya Ngorongoro. Kuna Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, lililoanzishwa 1959, lenye zaidi ya kilomita za mraba 8,000. Na kuna kreta, ambayo wageni wengi wanadhani ndiyo Ngorongoro yote. Taarifa ikisema “wakazi wa Ngorongoro wamechanjwa”, wamechanjwa wa wapi? Katika orodha yangu kila Ngorongoro inaandikwa neno lake pembeni: wilaya, tarafa, kata, hifadhi au kreta. Kama taarifa haikunipa neno hilo, narudi kuuliza. Na ikisema “Hifadhi ya Taifa ya Ngorongoro”, hapo ni kosa la wazi: hifadhi za taifa ziko chini ya TANAPA, na Ngorongoro ina mamlaka yake.

Nilipomaliza orodha nikampigia mwenyekiti.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Nataka uniandikie jina lako kwa mdomo, herufi moja moja, kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA.”

Akacheka, akaanza. T, l, u, mtandao ukakatika. Nilipopata tena alianza upya, nami nikamrudishia herufi zote nikimtajia kila moja na neno lake: T ya tembo, l ya limau, u ya ufuta. Usimsomee mtu jina zima ukamuuliza kama ni hivyo. Atakujibu ndiyo kwa sababu amesikia sauti, si herufi. Nikamwomba pia anitumie picha ya kitambulisho akiwa ameziba namba kwa kidole. Ni Tluway. Basi Tlway na Tluwai vikafa palepale.

Mzunguko wa pili ni vyeo, na hapa orodha ileile inatumika: mbele ya kila jina la mtu naandika kila cheo alichopewa. Mwakilishi wa halmashauri alikuwa “Mkurugenzi wa Wilaya” katika aya ya kwanza, “DED wetu” katika ya nne, na “Mkurugenzi Mtendaji” mwishoni. Sisi wa hapa tunajua ni mtu mmoja. Mhariri aliyeko Dar es Salaam anaweza kuhesabu watu watatu, au akamchanganya na Mkuu wa Wilaya, na hilo ni jambo zito zaidi kuliko linavyoonekana. Mkuu wa Wilaya ni mwakilishi wa Serikali Kuu wilayani. Mkurugenzi Mtendaji ni mtendaji mkuu wa Halmashauri ya Wilaya. Mwenyekiti wa Halmashauri ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake. Ofisi tatu, watu watatu, na “mkuu wetu wa wilaya” inayotamkwa barabarani inaweza kumaanisha yeyote kati yao. Kwa hiyo mara ya kwanza naandika cheo kizima, “Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Karatu”, pamoja na jina kamili. Baada ya hapo nachagua njia moja fupi, ama jina la mwisho ama “mkurugenzi huyo”, na siibadilishi hadi mwisho. Wanaoandika Kiswahili wamezoeshwa kwamba kurudia neno ni dhambi, kwa hiyo wanambadilishia mtu majina kama anavyobadilisha mashati. Katika taarifa rudia tu.

Upande wa hifadhi kuna cheo kilichobadilika na bado kinasumbua. Mkuu wa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro zamani alikuwa Mhifadhi Mkuu. Tangu taasisi za uhifadhi ziingie katika mfumo wa jeshi la uhifadhi, anaitwa Kamishna wa Uhifadhi. Waandishi wanaonakili aya ya historia kutoka taarifa ya zamani hujikuta wana Mhifadhi Mkuu juu na Kamishna chini. Tena Kamishna wa Uhifadhi peke yake hakitoshi, kwa kuwa TANAPA nao wana Kamishna wa Uhifadhi. Katika mkutano ambapo taasisi zote mbili zimekaa meza moja, na Karatu hilo hutokea, cheo bila jina la taasisi hakimtaji mtu yeyote. Ukimzungumzia kiongozi wa zamani, mpe cheo cha wakati ule na useme ni cha wakati ule: “aliyekuwa Mhifadhi Mkuu”. Usimpandishe cheo kwa kumwita kamishna wakati hakuwahi kuwa.

Vifupisho vya heshima ni suala la kuamua tu. Dk. au Dkt., Bw. au Ndugu, Mhandisi au Inj.; amua kimoja, andika juu ya orodha, fuata. Kisicho suala la kuamua ni Kaimu. Kaimu mkurugenzi si mkurugenzi, wala si naibu, na neno hilo moja likianguka umemteua mtu ambaye hajateuliwa. Ya Mang'ola ilikuwa imeliangusha. Mtu aliyethibitisha kuja alikuwa akikaimu kwa wiki mbili, bosi wake yuko Dodoma kikazi. Nililijua hilo kwa kupiga simu masjala ya halmashauri na kuuliza swali moja: “Jumamosi atakayekuja atasaini kwa cheo gani?” Swali hilo ni zuri kuliko kuuliza cheo chake ni kipi. Na kama taarifa yako inamtaja mteule yeyote wa Rais, irudie asubuhi ya siku ya kuituma. Mkeka ukitoka usiku, mkuu wa wilaya wa jana ameshahamia mkoa mwingine.

Sasa nukuu. Aya ya katikati ya taarifa ya Mang'ola ilisomeka hivi:

Mwenyekiti huyo alisema kuwa “msimu uliopita maji hayakufika mashamba ya chini, tulifilisika. Sasa mfereji umekamilika na kila mmoja atapata zamu yake na kwamba wanaishukuru halmashauri kwa kuwaletea mhandisi alisema.

Alama ya kufungua usemi ipo, ya kufunga haipo. Mtu wa haraka ataweka alama mwishoni kabisa, baada ya mhandisi, na atakuwa ameongeza kosa. Angalia sarufi: “tulifilisika” ni mzee anasema mwenyewe, nafsi ya kwanza. “Wanaishukuru” ni mwandishi anamsemea, nafsi ya tatu. Mahali nafsi inapogeuka ndipo usemi ulipokwisha, hata kama hakuna alama. Kwa hiyo nukuu halisi haiwezi kuvuka “zamu yake”. Na pale mwanzoni, “alisema kuwa” inadai usemi wa taarifa, siyo nukuu ya nafsi ya kwanza. Ukiviunganisha unapata mnyama mwenye vichwa viwili. Ama “alisema kuwa msimu uliopita maji hayakufika”, bila alama, ama maneno yake ndani ya alama bila “kuwa”. Nukuu nyingi zilizovunjika ninazopokea zimevunjikia hapohapo.

Lakini sarufi inakuambia tu kwamba kuna ufa. Haikuambii mzee alisema nini. Nikampigia katibu: hii shukrani kwa halmashauri, mzee aliitamka? Kimya kidogo. “Hapana Mwalimu, hiyo niliiongeza mimi, niliona inafaa.” Inafaa kweli, na si uongo kwamba wanashukuru, ila si maneno ya mzee. Tukaitoa kwenye kinywa chake tukaiweka katika aya nyingine kama kauli ya kikundi. Kama ningefunga alama mwishoni nikajipongeza, mzee Tluway angesoma gazetini maneno ambayo hakuyasema, na mbele ya watu wake asingekuwa na pa kuyakania.

Nikauliza swali la pili, ambalo hapa kwetu lazima liulizwe: alizungumza lugha gani? Alizungumza Kiiraqw, kikaoni. Katibu alitafsiri akiandika. Basi yaliyo ndani ya alama ni Kiswahili cha katibu. Hilo halikatazwi, taarifa zote za Endulen na Nainokanoka zingekufa kama lingekatazwa, lakini msomaji aambiwe, na msemaji asomewe tafsiri kwa lugha yake kabla haijatoka. Tulifanya hivyo kwa simu, katibu akimsomea. Mzee alibadili neno moja. Tafsiri ya katibu ilikuwa na “tulifilisika”, naye akasema hapana, kufilisika ni kufunga duka, sisi tulipata hasara tu. Aya ikawa hivi:

“Msimu uliopita maji hayakufika mashamba ya chini, tulipata hasara,” alisema Bw. Tluway, akizungumza kwa Kiiraqw. “Sasa mfereji umekamilika na kila mmoja atapata zamu yake.”

Kuna hesabu ndogo ya kumaliza mzunguko huu. Kwenye Word tafuta alama ya usemi kwa Ctrl+F, itakuonyesha idadi. Ikiwa witiri, kuna iliyofunguliwa bila kufungwa au kinyume chake. Ikiwa shufwa, bado usishangilie, mbili zinaweza kuwa zimekosekana. Na nukuu ndefu inayovuka aya, kwa desturi ya magazeti, hufunguliwa upya kila aya na kufungwa mara moja tu mwishoni, kwa hiyo itakuharibia hesabu. Katika taarifa mimi siruhusu nukuu ivuke aya. Nani alisema mkulima anahitaji aya mbili kusema maji yamefika? Jambo jingine: usitumie alama moja moja kama funga na fungua semi. Ukiandika ‘Maji ya Mang’ola yamefika’, ritifaa ya Mang'ola inaufunga usemi katikati, na mhariri aliyechoka anaweza kukata hapo.

Mzunguko wa nne ni mfupi na ndio unaosahauliwa zaidi, kwa kuwa mwandishi akifika mwisho tayari ameshachoka. Ya Mang'ola iliishia: “Imetolewa na Uongozi.” Hakuna jina, hakuna simu, hakuna tarehe. Katibu alishangaa nilipomwuliza. “Si wataona namba yangu kwenye WhatsApp?” Ataiona yule wa kwanza. Yeye akiisambaza kwa mhariri wake, na mhariri kwa mtu wa redio, namba yako haisafiri na karatasi. Saa kumi na moja jioni mwandishi anataka kujua kitu kimoja tu, mfereji una urefu gani. Akikosa wa kumuuliza, ama anaiweka taarifa pembeni, ama anampigia mtu mwingine anayeijua Mang'ola, na huyo ndiye atakayekuwa msemaji wenu.

Mstari kamili una tarehe na mahali, jina la mtu mmoja na cheo chake kama kilivyo katika mwili wa taarifa, namba ya kupiga, na anwani ya barua pepe kama inasomwa kweli. Namba ya simu ihesabiwe kwa kidole: tarakimu kumi ukianza na sifuri, au +255 na tarakimu tisa ukiiacha sifuri. Kosa la kila wiki ni +2550, ambalo halimpeleki mtu popote. Kuhesabu hakutoshi, maana tarakimu zinaweza kutimia na kuwa zimebadilishana nafasi. Hili nalijua kwa aibu. Mwaka mmoja niliandika mwenyewe taarifa ya mkutano, nikageuza tarakimu mbili za mwisho, na kwa siku mbili waandishi walimpigia muuza vipuri mmoja Moshi kumuuliza habari za malisho. Tangu siku hiyo naichapa taarifa, nachukua simu ya mtu mwingine, na napiga namba nikiisoma kwenye karatasi, siyo kichwani. Isipolia simu ninayoitarajia, taarifa haitoki.

Kwa Mang'ola tuliongeza jambo moja. Katibu angekuwa mferejini tangu alfajiri ya Jumamosi, na huko mtandao huja na kwenda, kama nilivyoonja na mzee. Kwa hiyo tukaweka namba mbili: ya kwanza ya mweka hazina, anayeishi Karatu mjini, ya pili ya katibu. Mweka hazina tulimuuliza kwanza kama anakubali namba yake isambae, na tukampa karatasi yenye majibu ya maswali matano, urefu wa mfereji ukiwa wa kwanza. Mtu aliyeandikwa kwenye mstari wa mawasiliano halafu akajibu “sijui, muulize katibu” ni sawa na mstari usiokuwepo.

Taarifa ilitumwa saa kumi na dakika ishirini na tano, dakika ishirini na tano baada ya muda wao. Saa kumi na mbili kasoro mweka hazina akanipigia. Redio moja ya Arusha ilikuwa imeshampata, na swali lao halikuwamo katika yale matano. Mtangazaji alikuwa na karatasi mbele yake, dakika kumi kabla ya kuingia hewani, anataka kujua hii Tl inatamkwaje. Mweka hazina ni Mwiraqw, akamtamkia mara tatu kwenye simu, polepole, na mtangazaji akamrudishia mara tatu. Nilifungua redio kusikiliza. Ilitoka kama “Tuluway”, na mzee Tluway, aliyekuwa akisikiliza Mang'ola, alinitumia ujumbe kwamba huyo kijana amejitahidi.